Wapagazi wa Unyamwezi: Watumwa au Watu wa Ujira?

Siku moja tulikuwa tukiwafundisha watoto habari za njia ya kale itokayo Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Tuliwaambia, kama tulivyoambiwa sisi tulipokuwa watoto, ya kuwa pembe za ndovu zilichukuliwa na watumwa, na walipofika pwani wakauzwa wao pamoja na pembe zao. Mtoto mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, babu wa babu yangu alikwenda pwani mara nne na pembe begani, na kila mara alirudi na nguo. Kwetu hutajwa kwa heshima. Je, alikuwa mtumwa?" Hatukuwa na la kumjibu. Tukamwambia aketi, tukaendelea na somo, lakini neno lake halikutuacha.

Tangu siku ile tumetafuta jibu, na leo twalileta mbele ya wasomaji pamoja na njia tuliyoipita hata kulipata. Maana msomaji akipewa jibu tupu hana budi kuliamini au kulikataa tu. Bali akionyeshwa njia aweza kuikagua mwenyewe, aone tumejikwaa wapi.

Kwanza ilitupasa kulipunguza swali. Mtu akiuliza, "Je, palikuwa na utumwa katika njia hii?" jibu lake ni jepesi: naam, ulikuwako. Watu waliotekwa, wengi wao katika nchi ya Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, waliletwa Tabora. Wengine wakapelekwa pwani, na wengine wengi wakabaki Unyanyembe wakilima mashamba ya mabwana zao. Sheria haikuukomesha utumwa kabisa katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Lakini mtoto hakuuliza hayo. Aliuliza juu ya watu wa namna moja tu, yaani wapagazi wa Kinyamwezi waliochukua mizigo ya wafanyabiashara. Walikuwa mali ya mtu, au walikuwa watu waliokubali kazi kwa malipo? Swali kubwa huleta majibu mengi yanayochanganyikana. Hili dogo laweza kupimwa.

Pili, tulijiuliza: kama wapagazi waliuzwa pwani, tungetazamia kuona nini? Na kama walikuwa watu wa ujira, tungetazamia nini? Hapo twaona tofauti moja iliyo wazi. Misafara ya wafanyabiashara haikuchukua mizigo upande mmoja tu. Pembe zilishuka pwani, na vitu vya pwani vikapanda bara: nguo za merikani na kaniki, shanga, na masango ya shaba. Kila mzigo ulihitaji bega la mtu, kwa kuwa mbung'o na maradhi viliwaua punda na ng'ombe. Mzigo wa kawaida ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani ratli 70, karibu kilo 32. Basi kama waliozileta pembe waliuzwa wote walipofika, ni nani aliyezipandisha nguo mpaka Tabora?

Tulipofika hapo tulidhani kazi imekwisha. Mwalimu mwenzetu akatuzuia akasema, "Ngojeni. Mfanyabiashara aweza kuwauza hawa na kuwatwika mizigo watumwa wengine. Mmeonyesha ya kuwa mabega yalihitajiwa kwenda na kurudi. Hamjaonyesha mabega hayo yalikuwa ya nani." Alisema kweli. Hoja ile ilitufanya tuishuku hadithi ya zamani, lakini haikuweza kuiangusha peke yake. Ikawa hatuna budi kuwaita mashahidi.

Shahidi wa kwanza ni Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Wa pili ni Henry Stanley, aliyepita njia hiyo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Tena wako wengi waliohutubu na kuandika Ulaya ili biashara ya watumwa ikomeshwe. Juu ya kila mmoja yafaa tuulize mambo mawili: Je, aliyaona kwa macho yake, au aliyasikia kwa mwingine? Na moyo wake ulitaka jambo lipi liwe kweli?

Wale waliopigana na utumwa walikuwa na nia njema, na mengi waliyoyasema yalikuwa kweli. Walakini nia njema nayo huvuta macho upande mmoja: aliyekuja kutafuta minyororo aliandika minyororo, na mtu aliyepita na mzigo wake kwa hiari yake hakumwona kuwa habari ya kuandikwa. Burton alikuwa kinyume chao. Aliwadharau Waafrika, na maneno yake juu yetu yachoma hata leo. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, aandikapo jambo la kuwapa wapagazi heshima, twalishika zaidi, maana hakuwa na haja ya kuwasifu. Naye aliandika ya kuwa kwa vijana wa Kinyamwezi kwenda pwani ilikuwa alama ya uanaume, na ya kuwa ilikuwa vigumu kuwavuta watu wa Unyanyembe waache mashamba yao kati ya Oktoba na Mei, majira ya kulima.

Je, tuchukue na maneno yote ya Stanley, tuseme, "Tunao mashahidi wawili"? Hapana, maana Stanley alikuwa amekisoma kitabu cha Burton kabla ya kuandika chake. Watu wawili waliochota maji katika kisima kimoja hawawi ushuhuda wa visima viwili. Kwa hiyo kwa Stanley tulichukua lile tu lililompata yeye mwenyewe. Alifika Bagamoyo mwanzo wa Februari 1871, ana mali tele na haraka nyingi. Akakaa zaidi ya mwezi mmoja, na kundi lake la mwisho halikuondoka hata tarehe 21 Machi, kwa sababu wapagazi walikuwa adimu. Fedha na nguo alikuwa nazo. Mabega hayakupatikana mpaka Wanyamwezi wenyewe walipotokea wakapatana naye.

Sasa twafika penye mtego uliotunasa sisi. Tulipoona katika vitabu ya kuwa wapagazi walilipwa kwa doti za nguo, tulisema mara moja, "Wamelipwa, basi walikuwa huru." Lakini sivyo. Pwani na Unguja walikuwako watumwa waliofanya kazi za ujira, hata za upagazi, na sehemu ya malipo yao wakampa bwana. Kumbe malipo peke yake si alama ya uhuru. Tulikuwa tumepima kwa kipimo kisichoweza kuwatenga hawa na wale.

Ilitupasa kutafuta kipimo kingine, nacho ni hiki: je, mtu huyu aliweza kukataa? Aliweza kusema, "Mwezi huu silichukui tembo lako, nalima"? Hata hapo uko upinzani, kwa kuwa bwana naye aweza kumzuia mtumwa wake nyumbani ili amlimie. Kwa hiyo hatukusimama juu ya alama moja. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyetoa kitabu juu ya wapagazi hawa mwaka 2006, alikusanya habari za misafara mingi, za wasafiri wa mataifa mbalimbali, akatazama mambo yanayorudi tena na tena. Akaona wapagazi wakishindania malipo kabla ya kuondoka. Wakimfuata kirangozi wao aliye mpagazi kama wao. Wakitua mizigo wote pamoja na kukataa kwenda mbele mpaka posho iongezwe. Na mwisho wa safari wakirudi kwao. Kila moja ya alama hizi laweza kuelezwa kwa namna nyingine. Zote pamoja, katika misafara mingi, haziwafai watu waliokuwa mali. Zawafaa watu waliouza kazi yao.

Ikabaki kuwasikiliza wazee. Wengine husema maneno ya wazee si historia. Sisi twasema ni ushahidi kama ushahidi mwingine, nao hupimwa vivyo hivyo. Hakuna nyumba ipendayo kusimulia aibu yake, kwa hiyo hatukuwauliza, "Babu yenu alikuwa huru?" Tuliwauliza mambo yasiyo na fahari wala aibu: aliondoka majira gani, alirudi na nini, na alipokuwa safarini ni nani aliyelima shamba lake? Tukawauliza wazee wa nyumba mbalimbali, mmoja mmoja, ili mmoja asimfuate mwenzake.

Swali la mwisho ndilo lililoleta tusilolitazamia. Wengi walisema, "Wake zake walilima." Lakini bibi mmoja alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Walilima wajakazi. Alikuwa nao wawili, aliwanunua kwa nguo zile za pwani." Tuliporudi vitabuni tukaona wanahistoria nao wameandika hivyo: wanaume walipokuwa mbali kwa miezi mingi, Wanyamwezi wenye uwezo walinunua watumwa wa kulima. Jambo hili halikuwa mbele ya macho yetu, kwa sababu tulikuwa tukitazama njia, na jibu lingine lilikuwa shambani.

Basi jibu letu ni hili. Wapagazi wa Kinyamwezi, walio wengi, walikuwa watu wa ujira, si watumwa. Hatusemi wote, maana katika misafara mingine, hasa iliyotoka Manyema, walikuwako watu waliotwikwa mizigo kwa nguvu. Tena jibu hili lina udhaifu tusioweza kuuficha: walioandika walikuwa wageni, nao waliwaandika wanaume wenye mizigo kuliko wanawake na wajakazi. Na uhuru wa mpagazi njiani uliweza kusimama juu ya utumwa wa mwanamke katika shamba lake.

Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia hii katika orodha ya mahali inapopendekeza pawe urithi wa dunia, kwa jina la njia ya watumwa na ya pembe. Jina hilo lina kweli ndani yake, lakini halimtaji mpagazi.

Tulimwita yule mtoto tukamweleza haya yote, hata habari ya wajakazi. Alifurahi aliposikia ya kwanza, na ya pili ikamnyamazisha. Kisha akauliza, "Mwalimu, wale wawili waliitwa nani?" Tumemtuma akamwulize bibi yake.