Biti Tatu na Ukomo wa Dirisha: Historia Fupi ya Namba za Mfuatano katika Mawasiliano ya Data

Mwaka 1969, Bartlett, Scantlebury na Wilkinson wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza walichapisha njia ya kutuma data kwa uhakika kwa kutumia namba mbili tu, 0 na 1. Mtumaji alituma fremu moja, akangoja uthibitisho, kisha akatuma nyingine. Utaratibu huo ulikuwa salama, lakini kwenye njia ndefu muda mwingi ulipotea katika kungoja.

Itifaki ya HDLC ya miaka ya 1970 ilimruhusu mtumaji kuwa na fremu kadhaa njiani kabla ya kuthibitishiwa. Idadi hiyo ndiyo dirisha, nalo husogea mbele kila uthibitisho unapofika. Hata hivyo, baiti moja ya udhibiti ilibeba namba ya fremu iliyotumwa na ya fremu inayotarajiwa, kila moja ikipewa biti tatu. Namba zikawa nane, 0 hadi 7, kisha zikarudiwa.

Hapo ndipo mbinu mbili zinapotofautiana. Katika kurudi nyuma, mpokeaji hukubali fremu inayofuata tu. Moja ikiharibika, zote zilizoifuata hutumwa upya. Katika kurudia kwa kuchagua, mpokeaji huhifadhi zilizofika salama na kudai iliyokosekana peke yake. Kumbukumbu ilipokuwa ghali, mbinu ya kwanza ilikuwa na mantiki yake.

Tuseme anayerudia kwa kuchagua ana dirisha la fremu tano. Fremu 0 hadi 4 zinafika zote, na mpokeaji sasa anangoja 5, 6, 7, 0 na 1. Uthibitisho wote unapotea njiani. Mtumaji anarudia 0 ya zamani, naye mpokeaji anaihifadhi kama 0 mpya. Hesabu ya kukagua makosa haioni kasoro, kwa kuwa fremu ni nzima. Kilichoharibika ni mpangilio wa data. Dirisha likiwa la nne, mpokeaji hungoja 4 hadi 7, na 0 ya zamani hutambulika. Kwa hiyo kikomo ni nusu ya namba. Anayerudi nyuma, ambaye mpokeaji wake hungoja namba moja tu, anaweza kufika saba, lakini si nane: baada ya nane, namba inayongojwa ni 0 tena.

Setilaiti zilidhihirisha ubaya wa ukomo huo. Kwa kasi ya biti 64,000 kwa sekunde, fremu ya biti 1,024 hutumwa kwa milisekunde 16, ilhali kwenda na kurudi kupitia setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta huchukua takriban milisekunde 540. Fremu saba huisha kwa milisekunde 112, na njia hukaa kimya karibu asilimia 80 ya muda. Kuijaza kunahitaji fremu 35. HDLC iliyopanuliwa, yenye biti saba, iliruhusu 127 kwa kurudi nyuma na 64 kwa kuchagua. Zote zinatosha, ila fremu moja ikiharibika, anayerudi nyuma hutuma upya takriban 35, na mwenzake moja.