Kutafsiri Cheti cha Shahada na Hati ya Matokeo kwa Ajili ya Ajira Ujerumani

Mhitimu wa Tanzania anayeomba kazi nchini Ujerumani hutakiwa mara nyingi kuambatisha cheti cha shahada na hati ya matokeo, yaani transkripti, pamoja na tafsiri yake kwa Kijerumani. Baadhi ya waajiri na mamlaka hupokea nyaraka za Kiingereza kama zilivyo. Hivyo ni vyema mwombaji aulize kwanza, tena kwa maandishi, kabla ya kugharamia tafsiri. Ikihitajika, ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa. Orodha ya watafsiri walioapishwa na mahakama za Ujerumani inapatikana katika tovuti ya justiz-dolmetscher.de. Kwa kuwa vyeti vya vyuo vikuu vyetu huandikwa kwa Kiingereza, anayetafutwa ni mtafsiri wa Kiingereza na Kijerumani, si wa Kiswahili.

Eneo lenye madhara makubwa zaidi ni alama. Tuchukue mfano wa mhitimu wa Uhandisi wa Ujenzi aliyemaliza na wastani wa 3.8 katika mfumo wa pointi 5. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, wastani wa kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni Daraja la Pili la Juu; la Kwanza huanzia 4.4, na ufaulu wa chini kabisa ni 2.0. Ujerumani mizani imegeuzwa: 1.0 ndiyo alama bora, na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Mwajiri wa huko akiiona 3.8 peke yake bila maelezo, atadhani mwombaji alinusurika kufeli.

Je, mtafsiri aibadili alama hiyo? Hapana. Kazi yake ni kuiandika 3.8 kama ilivyo, kutafsiri jina la daraja, na pia kutafsiri maelezo ya mfumo wa alama ambayo aghalabu huchapwa nyuma ya transkripti. Ukurasa huo wa nyuma ndio wahitimu wengi husahau kuutoa nakala, ilhali ndio unaoitetea alama yao. Ubadilishaji hufanywa na anayetathmini, kwa kanuni inayotumia alama ya juu, alama ya chini ya kufaulu na alama ya mhitimu. Kwa mfano wetu hesabu ni hii:

```
1 + 3 × (5.0 − 3.8) ÷ (5.0 − 2.0) = 2.2
```

Alama 2.2 kwa Mjerumani ni "nzuri". Mwombaji anaweza kuitaja hesabu hiyo katika barua yake ya maombi, akieleza kuwa ni makadirio yake mwenyewe, lakini isiingizwe ndani ya tafsiri iliyopigwa muhuri.

Neno la pili la kuangaliwa ni "heshima". Vyeti vingi vya Kenya, na baadhi ya vya kwetu, hutaja daraja la ufaulu pamoja na neno hilo, likimaanisha kiwango cha ufaulu wa masomo. Mtafsiri asiyeujua mfumo wenye asili ya Uingereza anaweza kulifasiri kana kwamba ni shahada ya heshima, ile wanayotunukiwa viongozi bila kuketi darasani. Kosa hilo humgeuza mtu aliyesoma miaka minne kuwa mtu asiyesoma kabisa.

Jina la shahada lenyewe liachwe katika lugha ya cheti, kisha maana yake iwekwe kwenye mabano. Mfano wa wazi ni wa madaktari. Shahada ya kwanza ya udaktari wa tiba inayotolewa Tanzania hubeba neno "daktari", ilhali Ujerumani cheo cha udaktari hupatikana kwa kuandika na kutetea tasnifu. Kutumia cheo cha kitaaluma usichostahili ni kosa la jinai nchini humo.

Kwa majina ya masomo, tafsiri ya neno kwa neno haitoshi. Neno la Kiingereza linalotumika kuutaja uhandisi wa ujenzi kwa asili lina maana ya "kiraia", na likihamishwa hivyo hivyo kwenda Kijerumani halimwambii mwajiri kwamba mbele yake yupo mjenzi wa madaraja na barabara. Mhitimu ampatie mtafsiri muhtasari wa masomo kutoka chuoni, ili kila somo lipate jina linalotumika katika vyuo vya Ujerumani. Namba za masomo zibaki zilevile, kwani ndizo zinazomwezesha msomaji kulinganisha mstari kwa mstari.

Mwisho, iwapo mamlaka inayopokea itataka nyaraka zithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje, uthibitisho huo utangulie tafsiri. Mihuri na saini zilizo kwenye nyaraka nazo hutafsiriwa. Muhuri utakaogongwa baadaye hautakuwemo, na mwombaji atalazimika kulipia tafsiri mara ya pili.