Injini inapogonga kwa chini: ni beringi ya konrodi, pistoni au vali?

Gari linapoanza kutoa mlio wa kugonga, wengi husema tu kwamba injini "imenoki". Neno hilo moja hubeba matatizo matatu tofauti. La kwanza linaweza kuiua injini kabla hujafika nyumbani. La pili laweza kuvumiliwa kwa miezi. La tatu mara nyingi fundi hulimaliza kwa kurekebisha vali bila kuifungua injini nzima. Makala hii inaeleza namna ya kuyatofautisha kwa sikio na kwa majaribio machache, ili ujue kama uendelee na safari au uzime gari hapo hapo.

Mgongano unatoka wapi

Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka kwenye silinda. Pistoni imeunganishwa na konrodi, na konrodi imeshika kranki, ule mhimili wa chini unaozunguka. Konrodi na kranki zinapokutana pana beringi: vipande viwili vya bati lenye umbo la nusu duara, vilivyopakwa madini laini. Kati ya beringi na kranki kuna nafasi ndogo sana, nyembamba kuliko karatasi ya daftari, na nafasi hiyo hujazwa oili inayosukumwa na pampu. Mambo yakiwa sawa, chuma hakigusi chuma. Kranki huelea juu ya oili.

Oili ikipungua, ikichafuka, au ikiwa nyepesi kwa sababu imechanganyika na mafuta ya kuendeshea, ile beringi huanza kulika. Nafasi huongezeka, na sasa konrodi ina mahali pa kucheza. Kila mafuta yanapolipuka juu ya pistoni, konrodi husukumwa chini kwa nguvu na kuigonga kranki kama nyundo. Huo ndio mlio mzito unaousikia kutoka chini ya injini.

Namna ya kusikiliza

Mlio wa beringi ya konrodi ni mzito na wa ndani, kama mtu anayegonga gogo kwa nyundo. Gari likinguruma polepole unaweza usiusikie kabisa. Ukipiga resi unajitokeza na kwenda kasi pamoja na injini. Mara nyingi husikika wazi zaidi pale unapoachia mafuta ghafla baada ya resi, kwa sababu wakati huo nguvu inayoisukuma konrodi hubadili upande na ile nafasi hupitwa kwa kishindo. Alama yake nyingine ni joto: asubuhi injini ikiwa baridi na oili nzito, mlio huwa mdogo. Injini ikipata moto na oili kulainika, mlio huzidi.

Mlio wa pistoni huenda kinyume. Pistoni iliyochakaa, au silinda iliyopanuka, huifanya pistoni iyumbe na kupiga ukuta wa silinda. Sauti yake ni ya uwazi, kama kugonga ndoo tupu, na huwa kubwa asubuhi gari linapowashwa, hasa ukilikanyaga likiwa na mzigo. Pistoni ni ya alumini, nayo hutanuka kwa joto kuliko silinda ya chuma. Kwa hiyo injini ikishapata moto, nafasi hupungua na mlio hufifia au hupotea. Mlio unaopungua kadiri injini inavyopata moto ni dalili ya pistoni. Unaoongezeka ni dalili ya beringi.

Mlio wa vali ni mwepesi na mkali, kama cherehani inayoshona. Hutoka juu, chini ya kifuniko cha vali. Vali hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki, kwa hiyo mapigo yake ni nusu ya yale ya konrodi. Husikika vizuri gari likinguruma polepole, na ukipiga resi huenda kasi tu bila kuwa mzito.

Sikio peke yake hudanganya, kwa sababu sauti husafiri kwenye chuma. Chukua bisibisi ndefu, weka mpini wake karibu na sikio na ncha yake kwenye injini. Gusa kwanza kifuniko cha vali, halafu ubavu wa injini kwa juu, kisha ubavu wa chini karibu na sampu, yaani beseni la oili. Mahali sauti inapokuwa kali zaidi ndipo penye tatizo. Jihadhari na feni na mikanda, na usivae shati lenye mikono mipana.

Mfano: pikapu ya dizeli yenye mzigo wa mahindi

Tuchukue pikapu ya dizeli ya silinda 4, ya zamani, yenye pampu isiyotumia umeme. Imepanda mlima ikiwa na magunia ya mahindi. Ikifika juu, dereva anasikia mgongano mzito kila akikanyaga mafuta. Akisimama, taa ya oili inawaka gari likinguruma polepole, na inazimika akipiga resi. Hapo dalili mbili zimeungana: mgongano wa moto na shinikizo dogo la oili.

Anazima gari, anasubiri dakika 10 oili ishuke, kisha anapima kwa kijiti. Oili iko chini ya alama ya mwisho. Anaongeza lita 2 hadi kijiti kionyeshe kiwango sahihi. Akiwasha, mlio umepungua lakini akipiga resi unarudi. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kufikiri kwamba oili imetibu. Oili imezuia hali isizidi kuharibika, lakini beringi iliyokwisha kulika haiwezi kurudi.

Gari linavutwa hadi kwa fundi, naye anatafuta silinda inayogonga. Injini ikinguruma kwa resi ndogo, analegeza nati ya bomba la mafuta linaloingia kwenye nozeli, silinda moja baada ya nyingine, akiwa ameifunika kwa kitambaa. Silinda ya 1: injini inayumba lakini mgongano uko vilevile. Ya 2: vilevile. Ya 3: mgongano unakaribia kupotea. Anakaza nati, nao unarudi. Ya 4: hakuna mabadiliko. Sababu ni hii: silinda isiyopata mafuta haina mlipuko wa kuipiga konrodi chini. Mlio wa vali usingebadilika kwa jaribio hili, kwa kuwa vali hufunguka na kufunga hata bila mlipuko.

Lakini jaribio hili lina mtego. Kwenye dizeli, nozeli mbovu inayomwaga mafuta vibaya nayo hugonga, na huo mgongano pia hupotea ukilegeza bomba. Pistoni inayoyumba nayo hupungua kelele. Kwa hiyo fundi makini hafungui injini bado. Anabadilishana nozeli ya 3 na ya 1, akiweka washa mpya za shaba. Kama mgongano ungehamia silinda ya 1, tatizo lingekuwa nozeli. Umebaki kwenye silinda ya 3. Na kwa kuwa mgongano huu huzidi injini ikiwa ya moto, pistoni inaondolewa kwenye orodha. Imebaki beringi.

Onyo kuhusu kulegeza bomba: usiweke mkono wala uso karibu na mafuta yanayotoka, kwani shinikizo lake linaweza kutoboa ngozi. Na kwa dizeli za kisasa zenye nozeli zinazofunguliwa kwa umeme, usilegeze bomba kamwe. Shinikizo lake ni kubwa mara nyingi zaidi. Kwa gari la petroli lenye nozeli za umeme, zima injini, chomoa waya wa nozeli moja, washa usikilize kwa sekunde chache, kisha zima na urudishe.

Uthibitisho ndani ya sampu

Fundi anamwaga oili kwenye beseni safi na kuitazama juani. Inameta vipande vidogo vya rangi ya fedha, ambavyo sumaku haivivuti. Hayo ni madini laini ya beringi. Kama kuna vya rangi ya shaba, beringi imelika hadi tabaka la chini. Anashusha sampu, anazungusha injini kwa mkono hadi konrodi ya 3 iwe chini, na kuishika. Konrodi kusogea kidogo pembeni, kuelekea mbele na nyuma ya injini, ni kawaida. Kucheza juu na chini si kawaida: ukiweza kuhisi mchezo huo kwa mkono, nafasi imeshapita kiasi.

Hapa pana njia mbili. Ya mkato ni kuweka beringi mpya za saizi ileile na kufunga. Kama kranki imechimbika au imepoteza umbo la duara, beringi hizo hazitadumu. Njia sahihi ni kutoa kranki, kuipima kwa maikromita na, ikihitajika, kuichonga. Mara nyingi huchongwa 0.25 mm au 0.50 mm, na sehemu zote nne za konrodi huchongwa saizi moja, kisha hununuliwa beringi za saizi hiyo. Njia za oili ndani ya kranki zioshwe na chujio la pampu ndani ya sampu lisafishwe, vinginevyo vile vipande vya zamani vitakula beringi mpya.

Uendelee au usimame?

Ukisikia mlio mwepesi wa juu na oili ipo ya kutosha, unaweza kuendesha polepole hadi kwa fundi akapime nafasi za vali. Mlio wa asubuhi unaopotea injini ikipata moto unakupa muda wa kupanga matengenezo, ila fuatilia oili kwa sababu injini hiyo huenda inaila. Mgongano mzito wa chini unaozidi kwa resi na kwa joto haukupi muda. Konrodi ikikatika hutoboa ubavu wa injini, na hapo hakuna tena cha kuchonga. Gharama ya kuvutwa kilomita 40 ni ndogo kuliko bei ya injini nyingine.

Kama unanunua gari lililotumika, omba uliwashe wewe mwenyewe likiwa baridi, kisha uliendeshe hadi lipate moto kabisa, halafu simama upige resi na kuachia. Wapo wauzaji wanaoweka oili nzito kupita kiasi ili kuficha mgongano. Oili hiyo huficha vizuri injini ikiwa baridi, na ndiyo maana muuzaji wa namna hiyo hupenda usikilize kwa dakika 2 tu.