Chokea au kalazioni? Jinsi ya kutunza uvimbe kwenye kope, na wakati wa kwenda kituo cha afya

Umeamka na uvimbe kwenye kope ya jicho. Je, utapona wenyewe, au unahitaji kumwona daktari? Majibu ya maswali matatu yatakusaidia kujua: uvimbe uko wapi, unauma kiasi gani, na umekaa siku ngapi?

Tofauti ni nini?

Chokea ni jipu dogo. Bakteria huingia kwenye shina la unywele wa kope au kwenye tezi iliyo karibu. Hutokea ghafla, huwa jekundu na huuma ukiligusa. Baada ya siku chache huweza kutoa kichwa cha usaha, likapasuka na kupona. Mara nyingi huisha ndani ya wiki moja au mbili.

Kalazioni si jipu. Ndani ya kope kuna tezi zinazotoa mafuta ya kulainisha jicho. Tezi moja ikiziba, mafuta hujikusanya na kuwa kinundu kigumu, mbali kidogo na ukingo wa kope. Hukua polepole, kwa kawaida hakiumi, na kinaweza kukaa wiki nyingi au miezi. Wakati mwingine chokea hupoa na kuacha kalazioni.

Jinsi ya kukanda

Matibabu ya kwanza ya yote mawili ni kukanda kwa maji ya uvuguvugu. Joto hulainisha mafuta na kufungua njia ya tezi.

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chemsha maji, kisha yaache yapoe. Yajaribu kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono: yawe na joto, lakini yasiunguze.
3. Chovya kitambaa safi, kamua, funga jicho na ukiweke juu ya kope.
4. Kitambaa hupoa haraka. Kichovye tena kila kinapopoa, hadi dakika 10 zitimie.
5. Kama ni kalazioni, sugua kope taratibu kwa kidole safi kuelekea kwenye nywele zake: kope ya juu kwenda chini, ya chini kwenda juu.

Fanya hivyo mara 3 au 4 kwa siku. Kila mtu awe na kitambaa chake, na kifuliwe kila siku.

Usiukamue uvimbe wala kuutoboa kwa sindano au wembe, kwa sababu unaweza kusambaza maambukizi. Usitie jichoni dawa za majani, maziwa ya mama au dawa ya matone aliyoandikiwa mtu mwingine. Acha wanja hadi upone.

Mfano

Tuseme mtoto wako wa miaka 5 alipata chokea. Maumivu yaliisha baada ya wiki moja, lakini kikabaki kinundu kigumu. Umemkanda kila siku kwa wiki 6 na hakijapungua. Kumwongezea antibiotiki hakutasaidia, kwa sababu sasa tatizo ni mafuta yaliyoziba, si bakteria. Mpeleke kituo cha afya. Kinundu kikubwa kinaweza kukandamiza jicho la mtoto na kuharibu uonaji wake wakati bado unakua.

Daktari wa macho anaweza kukitoa kwa upasuaji mdogo. Mtu mzima huchomwa sindano ya ganzi, kope hugeuzwa, kisha kinundu hupasuliwa kwa ndani na kusafishwa. Huchukua dakika chache, na kwa kawaida hakuna kovu la nje. Mtoto mdogo huenda akahitaji kulazwa usingizi, hivyo atapewa rufaa ya hospitali.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo kama:

- wekundu na uvimbe vimeenea kope nzima au usoni;
- una homa;
- jicho linauma ukilizungusha, au limetokeza nje;
- unaona vibaya, au unaona vitu viwili viwili.

Dalili hizi zinaweza kumaanisha kwamba maambukizi yameenea nyuma ya jicho. Usisubiri kukanda kwanza, hasa kwa mtoto.

Omba kuonwa na daktari wa macho kama:

- chokea halijaanza kupungua baada ya siku 2 au 3 za kukanda. Anza kwa mhudumu wa kituo cha afya;
- kinundu kimezidi mwezi mmoja, au kinafanya uone ukungu;
- kinarudi mahali pale pale, kinatoka damu, kina kidonda, au nywele za kope zimeanyonyoka hapo. Ni nadra, lakini saratani ya kope huweza kufanana na kalazioni, hasa kwa wazee. Kipande kidogo hukatwa na kupimwa maabara.

Unapofika, mweleze mhudumu uvimbe ulianza lini na umeukanda kwa siku ngapi. Kama kituo hakina daktari wa macho, uliza namna ya kupata rufaa.