Virusi Havifi kwa Kuingia Chupani

Miche ya migomba na muhogo iliyozalishwa kwa tishu huuzwa kama miche safi, kana kwamba kupita maabara tu kunatosha kuisafisha. Makala hii inapinga dhana hiyo. Chupa huondoa maradhi ya aina fulani na kuyaacha mengine yazaliane, na muhogo ndio hudhurika zaidi kwa kosa hilo.

Tuanze na mgomba, ambako dhana hiyo ina ukweli mwingi. Chipukizi changa humenywa magamba ya nje hadi kibaki kipande kidogo chenye ncha ya ukuaji. Kipande hicho huoshwa kwa dawa yenye klorini, kisha huwekwa kwenye chakula kilichobuniwa na Murashige na Skoog mwaka 1962: chumvi za madini, vitamini, sukari takriban gramu 30 kwa lita, na agari ya kukigandisha. Homoni ya sitokinini hukifanya kitoe machipukizi mengi, ambayo hutenganishwa na kuhamishwa kila baada ya wiki nne au tano. Baadaye huoteshwa mizizi kwa oksini, kisha hutolewa nje na kuzoeshwa hewa kavu taratibu.

Katika safari hiyo fukusi na minyoo ya mizizi huachwa nje pamoja na magamba. Kuvu wa mnyauko wa fuzari naye hawezi kujificha kwa muda mrefu, kwa kuwa sukari ile inayolisha mche humlisha na yeye. Siku chache tu utando huonekana, na chupa hutupwa. Bakteria wengi hujifichua kwa ukungu mweupe kuzunguka shina, ingawa wapo wanaokaa kimya hadi mzunguko wa tatu au wa nne. Chakula cha chupani, kwa hiyo, ni kipimo pia.

Virusi haviwezi kukamatwa kwa kipimo hicho. Havili sukari; huishi ndani ya seli hai tu, na mche wenye virusi unaweza kusimama kijani kibichi katika chupa angavu kabisa. Chukua Kiroba, muhogo wa Pwani ya Tanzania unaojulikana kwa kustahimili michirizi kahawia, ugonjwa ulioelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1930 na watafiti wa Amani, Usambara. Kwa sababu unastahimili, mizizi yake huweza kuonekana mizima huku shina likiwa na virusi. Fundi akikata pingili ya jicho moja kutoka shina hilo na kuizidisha mara tatu kila wiki tano, baada ya mizunguko sita, yaani miezi saba, atakuwa na miche 729. Yote itakuwa imetoka kwa mama mmoja mgonjwa, na hakuna hata mmoja utakaomtahadharisha.

Kinachosafisha ni hatua ambayo maabara yenye haraka huiruka. Virusi husafiri hasa kwa mishipa ya chakula, na kwenye kilele cha ukuaji mishipa hiyo bado haijaundwa. Ndiyo maana Morel na Martin waliweza kupata dalia zisizo na virusi kwa kilele hicho mwaka 1952. Kwa muhogo, mche wa chupani huwekwa kwanza katika joto la nyuzi 35 hadi 38 kwa wiki kadhaa ili virusi vipunguze kasi ya kuzaliana, kisha chini ya hadubini hukatwa kilele chenye urefu wa nusu milimita au pungufu. Hapa fundi yuko kati ya hasara mbili: kilele kidogo mno hufa, na kikubwa hubeba virusi.

Hata aliyefanikiwa hajui kama amefanikiwa mpaka apime. Joto huweza kushusha virusi chini ya uwezo wa kipimo bila kuvimaliza, hivyo majibu ya PCR yaliyochukuliwa mapema hudanganya. Mche uachwe ukue katika banda la wavu, upimwe tena baada ya miezi kadhaa, na sampuli ijumuishe majani ya chini yaliyokomaa, ambako dalili za michirizi hujitokeza zaidi. Mama akishathibitika safi, ndipo azidishwe.

Kwa baadhi ya migomba chotara, hata hayo hayatoshi. Katika jenomu B ya mgomba huwa kuna vipande vya virusi vya michirizi ya mgomba vilivyojisuka ndani ya kromosomu, na msukosuko wa uzalishaji wa chupani huweza kuviamsha, kama ilivyoonekana kwa FHIA-21. Matoke, ambazo hazina jenomu B, hazina hatari hiyo.

Usafi huu pia haumpi mche kinga. Muhogo safi ukipandwa jirani na shamba lenye batobato au michirizi, inzi weupe huuambukiza upya, na pingili zikirudiwa msimu hadi msimu maambukizi hujilimbikiza. Hivyo cheti cha mbegu kinachosema tu kwamba mche umetoka maabara hakimwambii mkulima anachohitaji. Kinapaswa kuonyesha mama alipimwa lini na kwa virusi gani, na vizazi vingapi vimepita shambani tangu atoke kwenye wavu.