Maswali na Majibu: Dalili za hatari katika roboti za biashara ya mtandaoni zinazoahidi faida isiyobadilika kila mwezi

Wakulima wa kakao na mpunga wa Kyela, wavuvi wa Ziwa Nyasa na wafinyanzi wa vyungu wanaouza bidhaa zao Matema wana jambo moja linalowafananisha: fedha zao huja kwa mkupuo, kisha hukaa zikisubiri matumizi. Katika kipindi hicho hufika ujumbe wa simu unaomwalika mwananchi anunue roboti, yaani programu ya kompyuta inayodaiwa kununua na kuuza fedha za kigeni au sarafu za mtandaoni kwa niaba yake, na kumlipa kiasi kilekile kila mwezi. Maswali yafuatayo yamekusudiwa kumsaidia mwananchi ambaye hajawahi kuwekeza na angependa kuelewa kabla ya kutoa fedha zake.

Je, roboti za biashara zipo kweli, au zote ni uongo?

Zipo. Roboti ya biashara ni orodha ya masharti iliyoandikwa ndani ya kompyuta: bei ikifika hapa nunua, ikifika pale uza. Benki na kampuni kubwa za uwekezaji hutumia programu za namna hiyo. Hata hivyo, roboti hutekeleza masharti iliyopewa tu. Haijui bei ya kesho. Soko likienda kinyume na masharti hayo, roboti hupata hasara kwa haraka ileile iliyopatia faida. Kwa sababu hiyo, mwenye roboti ya kweli anaweza kueleza ilipata nini na ilipoteza nini mwaka uliopita, lakini hawezi kuahidi itakachopata mwezi ujao.

Kwa nini ahadi ya faida isiyobadilika ndiyo dalili kuu?

Kwa sababu bei za sokoni hubadilika. Mkulima wa kakao analijua hili vizuri: bei ya mnada wa leo si lazima iwe bei ya mnada ujao, na hakuna mnunuzi anayeweza kumhakikishia bei moja kwa miezi 12. Bei ya dola au ya sarafu ya mtandaoni hubadilika mara nyingi zaidi ndani ya saa moja. Anayeahidi asilimia 15 kila mwezi, soko lipande au lishuke, anaahidi jambo ambalo soko lenyewe haliwezi kutoa.

Hesabu inalithibitisha hilo. Chukua Sh. 1,000,000 iliyowekwa kwa asilimia 15 kwa mwezi, faida ikirudishwa kwenye mtaji. Baada ya mwaka mmoja ingekuwa takriban Sh. milioni 5.3, baada ya miaka miwili takriban Sh. milioni 28.6, na baada ya miaka mitatu zaidi ya Sh. milioni 150. Kwa kulinganisha, hatifungani za muda mrefu za Serikali ya Tanzania zimekuwa zikilipa takriban asilimia 12 hadi 16 kwa mwaka mzima. Mtu mwenye mashine ya kugeuza milioni moja kuwa milioni 150 asingehitaji kuiuza kwa Sh. 150,000 kwa mkulima wa Matema. Angeitumia mwenyewe na fedha zake.

Nina jirani aliyelipwa kwa miezi mitatu mfululizo. Hiyo si uthibitisho?

La. Swali la kujiuliza ni fedha alizolipwa zimetoka wapi. Tuchukue mfano. Watu 10 wanatoa Sh. 1,000,000 kila mmoja, jumla Sh. 10,000,000. Mwendeshaji anachukua Sh. 2,000,000 zake na kubaki na Sh. 8,000,000 bila kufanya biashara yoyote. Kila mwezi anawalipa watu hao asilimia 15, yaani Sh. 150,000 kila mmoja, jumla Sh. 1,500,000. Anaweza kulipa hivyo kwa miezi mitano bila kuchelewa hata siku moja. Mwezi wa sita amebakiwa na Sh. 500,000 na hawezi tena kulipa. Wakati huo kila mshiriki amepokea Sh. 750,000 na anaamini amepata faida, ilhali amerudishiwa sehemu ya fedha zake mwenyewe na kupoteza Sh. 250,000.

Mfumo huo huendelea zaidi ya miezi mitano ikiwa tu wanaletwa watu wapya. Ndiyo maana karibu kila mpango wa aina hii hutoa kamisheni kwa anayewaleta ndugu na majirani. Jirani aliyelipwa huwa hadanganyi, anasema alichokiona. Lakini malipo yake ndiyo tangazo linalomvuta anayefuata.

Nchi yetu imeshapitia hali hii. Mpango wa DECI, ambao wanachama wake waliambiwa wapande mbegu kisha wavune, ulisimamishwa mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Roboti imebadilisha maelezo ya mahali faida inapotoka. Mzunguko wa fedha unaweza kuwa uleule.

Je, kuna mfano wa roboti iliyochunguzwa hadi mwisho?

Upo. Kampuni ya Mirror Trading International ilianzishwa Afrika Kusini mwaka 2019 na Cornelius Johannes Steynberg. Ilipokea sarafu ya bitcoin kutoka kwa watu wa nchi nyingi, kiwango cha chini kikiwa dola 100 za Marekani, na ilitangaza roboti yenye uwezo wa kuleta hadi asilimia 10 kwa mwezi. Wanachama walioleta wengine walilipwa.

Agosti 2020 mamlaka inayosimamia sekta ya fedha nchini humo iliwatahadharisha wananchi na kuwashauri watoe fedha zao. Wengi walipuuza kwa sababu bado walikuwa wakiona faida kwenye skrini. Desemba 2020 malipo yalisimama na mwanzilishi akawa ameondoka kwenda Brazil, alikokamatwa mwaka mmoja baadaye. Tume ya Marekani inayosimamia biashara ya mikataba ya bidhaa, CFTC, ilieleza mahakamani kwamba mpango huo ulipokea angalau bitcoin 29,421, zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.7. Ni sehemu ndogo tu iliyopelekwa sokoni, nayo ilipata hasara. Taarifa za faida walizoonyeshwa wanachama zilikuwa za kubuni.

Fundisho lililo wazi ni kwamba namba inayoonekana kwenye simu si fedha. Mwenye programu anaweza kuandika namba yoyote. Vilevile, picha ya akaunti yenye faida inaweza kuwa imetoka kwenye akaunti ya majaribio, ambayo dalali humpa mtu yeyote bure ajifunzie kwa fedha za kufikirika.

Nikimiliki akaunti mwenyewe na roboti ikafanya kazi ndani yake, niko salama?

Hatari ya kuibiwa hupungua, lakini hatari ya hasara hubaki. Zipo roboti zinazofanya biashara kweli na kuonyesha faida ndogo karibu kila siku, kwa sababu zimeandikwa ziongeze dau mara mbili kila zinaposhindwa. Ikianza na Sh. 10,000 na kushindwa, inaweka 20,000, kisha 40,000, kisha 80,000, ili ushindi mmoja ufute hasara zote zilizotangulia. Ikishindwa mara sita mfululizo imeshapoteza Sh. 630,000. Dau la saba linahitaji Sh. 640,000, na mwenye mtaji wa Sh. 1,000,000 amebakiwa na Sh. 370,000. Faida iliyokusanywa taratibu huondoka kwa siku moja pamoja na mtaji.

Utaitambua roboti ya aina hii kwa rekodi isiyo na siku za hasara na kwa ukubwa wa biashara unaoongezeka ghafla. Muuzaji akikuonyesha asilimia ya ushindi pekee, mwombe pia hasara kubwa kuliko zote iliyowahi kupatikana. Akikosa jibu, jiepushe.

Nifanye nini kabla ya kulipa chochote?

Kwanza, uliza leseni, si usajili. Cheti cha BRELA au namba ya mlipakodi huonyesha kwamba kampuni imesajiliwa. Havimruhusu mtu kupokea fedha za umma ili aziwekeze. Anayekusanya fedha kwa ajili ya uwekezaji katika dhamana huhitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), na anayepokea amana huhitaji leseni ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT). Usiridhike na picha ya cheti uliyotumiwa. Wasiliana na taasisi husika moja kwa moja. Kwa wakazi wa Kyela, BoT ina tawi jijini Mbeya.

Pili, angalia fedha zinakokwenda. Kutakiwa kutuma kwa namba ya simu ya mtu binafsi, au kwa sarafu ya mtandaoni, ni dalili mbaya. BoT ilitangaza mwaka 2019 kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini.

Tatu, usimpe mtu yeyote nywila, namba ya siri wala ruhusa ya kutoa fedha kwenye akaunti yako.

Nimeshalipa, na sasa nimeambiwa nilipe kodi kwanza ndipo nitoe fedha zangu. Nifanyeje?

Usilipe. Kutakiwa kutuma fedha mpya ili kufungua fedha za awali, ziitwe kodi, ada ya uhakiki au gharama ya kufungua akaunti, ni hatua ya mwisho ya kumkamua mtu aliyekwisha kudanganywa. Kodi hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania kwa kumbukumbu namba ya malipo, si kwa wakala wa roboti.

Hifadhi ujumbe wa miamala, mazungumzo, namba za simu na picha za skrini kabla kundi la mtandaoni halijafutwa. Piga simu mara moja kwa mtandao uliotumia kutuma fedha. Muamala ukiripotiwa mapema, fedha ambazo hazijatolewa zinaweza kuzuiwa. Toa taarifa kituo cha Polisi, na namba iliyotumika kukutapeli iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Baada ya hapo jihadhari na mtu atakayejitokeza kudai anaweza kukurejeshea fedha kwa malipo ya awali. Majina na namba za waliopoteza fedha huuzwa kwa matapeli wengine, na anayekufahamu kwa undani bila wewe kumweleza huenda ameyapata huko.