Kala-azar: Homa Iliyojificha Ndani ya Wengu

Mwaka 1900, katika hospitali ya jeshi la Uingereza huko Netley, daktari William Leishman aliweka chini ya darubini utando wa wengu wa askari aliyefariki baada ya kuugua katika kambi ya Dum Dum, karibu na Kalkuta. Akaona vidoa vidogo vya mviringo asivyovifahamu. Alivitangaza mwaka 1903, na mwaka huohuo Charles Donovan akavikuta kwa wagonjwa wa Madras, akiwemo mvulana aliyekuwa bado hai. Vilikuwa vimelea vya kala-azar, na Ronald Ross akakiita kimelea hicho Leishmania donovani. Kabla ya hapo madaktari wengi wa India waliamini kwamba wanapambana na malaria sugu isiyosikia kwinini, maana magonjwa yote mawili huvimbisha wengu.

Nchini Kenya, kala-azar iliwashambulia askari wa kikosi cha KAR waliokuwa kaskazini mwa Ziwa Turkana wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikalipuka Kitui. Hapo mtafiti R. B. Heisch aliwaelekeza wenzake kwenye vichuguu. Nzi mdogo wa mchangani anayeeneza kimelea hujificha mchana katika mashimo ya hewa ya kichuguu, kisha hutoka giza linapoingia, wakati ambao watu huwa wamepumzika nje. Mpaka leo ugonjwa umebaki katika maeneo makavu kama Baringo, Pokot Magharibi, Turkana na Wajir.

Kimelea huzaliana ndani ya chembe za kinga zilizomo kwenye wengu, ini na uboho. Ndiyo maana mgonjwa huwa na homa inayopanda na kushuka kwa majuma, hukonda, damu humpungua, na tumbo hujaa upande wa kushoto. Asipotibiwa, karibu kila mara hufariki, mara nyingi kwa nimonia, maambukizi mengine au kutokwa damu. Mhudumu wa afya hupaswa kuishuku kala-azar homa inapopita wiki mbili na wengu ukashikika chini ya mbavu, kwa mtu anayeishi au aliyepita katika maeneo hayo. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, shaka hiyo haiondoki, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili.

Kwa miaka mingi uhakika ulipatikana kwa sindano. Daktari huchora mpaka wa wengu juu ya ngozi, huingiza sindano nyembamba na kuitoa kwa muda usiozidi sekunde moja, kisha tone linalopatikana hupakwa rangi na kutazamwa kwa darubini. Hatari yake ni damu kuvuja tumboni. Kwa hiyo chembe za kugandisha damu huhesabiwa kwanza, na baadaye mgonjwa hulazwa chali kwa saa kadhaa huku mapigo na presha vikipimwa.

Kipimo cha haraka cha rK39 kilipunguza sana haja ya kuuchoma wengu. Tone la damu huwekwa kwenye kijikaratasi, na baada ya muda mfupi mstari hujitokeza kwa aliyeambukizwa. Lakini katika Afrika Mashariki kipimo hiki huwakosa takriban wagonjwa 15 katika kila 100, wengi zaidi kuliko India. Mwenye dalili zote ambaye mstari wake haukutokea hapaswi kurudishwa nyumbani. Tena mstari huendelea kuonekana muda mrefu baada ya kupona, hivyo homa ikirudi, rK39 haiwezi kusema kama ugonjwa nao umerudi.

Matibabu nayo yalibadilika polepole. Upendranath Brahmachari wa Kalkuta alitengeneza dawa ya antimoni iitwayo urea stibamine mwaka 1920, ikaokoa maisha ya watu wengi. Baadaye ikaja stiboglukoneti ya sodiamu. Chukua mtoto wa kilo 20: kwa miligramu 20 kwa kilo, alihitaji miligramu 400, yaani mililita 4, zidungwe kila siku kwa siku 30. Zinauma, na dawa yenyewe inaweza kuathiri moyo na kongosho.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuichanganya na paromomisini kwa siku 17. Siku zilipungua, lakini kwa sindano mbili kila siku mtoto yuleyule alidungwa mara 34. Baadaye utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Sudan na Ethiopia ukajaribu paromomisini pamoja na vidonge vya miltefosini kwa siku 14. Sindano zikawa 14, na katika miezi sita ya ufuatiliaji wagonjwa wapatao 91 katika 100 walikuwa wamepona, karibu sawa na mchanganyiko wa zamani.

Miltefosini hata hivyo inaweza kudhuru mimba. Mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa kwanza, kisha hutumia uzazi wa mpango wakati wa dawa na kwa miezi kadhaa baada yake. Aliye mjamzito tayari hupewa amfoterisini ya liposomu kwa dripu, dawa inayohitaji hifadhi isiyo na joto na kitanda cha hospitali.